Kidole Kwenye Kona ya Picha: Namna ya Kukiondoa na Kuujenga Upya Ukingo

Baada ya kuniitikia marahaba, Shangazi alinikabidhi simu yake na kusema, "Mwanangu, picha nimepiga vizuri, lakini kidole changu kimekula kona." Ilikuwa picha ya Bibi na mjukuu wake ndani ya pantoni, wakivuka kutoka Magogoni kwenda Kigamboni. Bibi amejifunga kanga, mtoto amevaa shati jeupe la shule na ameshika bomba la juu la uzio wa chombo, na nyuma yao ni maji ya mlango wa bandari. Upande wa kulia, chini, kidole cha Shangazi kimeingia kama kiazi chekundu kisicho na umbo kamili, kikafunika maji, uzio na sakafu kwa pamoja.

Nitaieleza kazi hiyo kama nilivyoifanya, kwa programu ya bure ya GIMP kwenye kompyuta, kwa sababu kona ile ilikuwa na karibu kila tatizo ambalo kidole kinaweza kuleta. Majina ya zana nayaandika kama yanavyoonekana kwenye skrini. Picha ilikuwa na pikseli 4,000 kwa upana na 3,000 kwa urefu, na kila ninapotaja nafasi fulani ninahesabu kutoka ukingo wa kushoto.

Kabla ya yote, pima kama kukata kunatosha

Picha nyingi za simu zina uwiano wa 4 kwa 3, ilhali karatasi ya sentimita 10 kwa 15 ambayo wateja wengi huiomba ina uwiano wa 2 kwa 3. Maana yake ni kwamba picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000 haiwezi kujaza karatasi hiyo mpaka ipunguzwe takribani pikseli 333 za urefu, na mashine ya kuchapa itazipunguza hata kama wewe hukuamua zitoke wapi. Kwa hiyo, kidole kilichokaa chini kabisa au juu kabisa, chenye kimo kisichozidi kiasi hicho, huenda kisihitaji kazi yoyote zaidi ya kuchagua mahali pa kukata. Nimeshuhudia mtu akitumia jioni nzima kurekebisha kipande cha picha ambacho mashine ilikitupa asubuhi yake.

Kwa picha ya Shangazi njia hiyo ilikuwa imefungwa. Kidole kilipanda pikseli 620 kutoka chini, na miguu ya Bibi ilikuwa pikseli 200 tu kutoka ukingo wa chini, hivyo kukata kwa chini kungemwacha bila miguu. Kukata kwa upande nako hakukufaa, kwa sababu kidole kilianzia kwenye pikseli ya 3,570, na athari yake, kama nitakavyoonyesha, ilifika mpaka ya 3,420, na kiwiko cha mtoto kilikuwa kimechomoza mpaka ya 3,470. Mkasi ungepita katikati ya kiwiko. Ndipo nikaamua kujenga.

Utando unaozunguka kidole

Anayefanya kazi hii kwa mara ya kwanza hufuta kile anachokiona kuwa kidole, kisha hushangaa kwa nini kona bado inaonekana chafu. Sababu iko kwenye lenzi. Kidole kiko karibu mno kiasi kwamba hakiwezi kuonekana kwa ukali, na kwenye kingo zake sehemu moja ya kioo cha lenzi inaona kidole wakati sehemu nyingine ya kioo hichohicho inaona kilicho ng'ambo. Picha inapotoka, vitu hivyo viwili vimechanganyika katika pikseli moja. Kuna kiini ambamo hakuna kinachoonekana ila kidole, na kuna utando unaokizunguka, ambamo picha halisi ingalipo lakini imetiwa rangi ya ngozi, kwa wingi karibu na kiini na kwa uhaba kadiri unavyokwenda mbali.

Jicho halioni mwisho wa utando huo vizuri, hasa juu ya maji ya kijivu. Namna ya kuuona ni kunakili tabaka la picha kwa `Layer > Duplicate Layer`, kisha kwenye nakala hiyo kufungua `Colors > Saturation` na kuvuta kitelezi cha `Scale` mpaka 2. Picha itakuwa na rangi za kutisha, lakini wekundu wa kidole utajitokeza mpaka pale unapoishia hasa. Mimi niliweka mstari wa mwongozo wa wima hapo, kwa kuuvuta kutoka kwenye rula ya kushoto, kisha nikaifuta nakala. Kidole kilionekana kina upana wa pikseli 430, lakini kwa kipimo hiki kiliharibu pikseli 580. Zile 150 za ziada ndizo zinazomwaibisha fundi.

Utando huo una matumizi mawili tofauti. Mahali palipo na kitu kinachojirudia, kama maji, unaufunika tu kwa maji mengine. Mahali palipo na kitu cha pekee ambacho huwezi kukitoa kwingine, kama kiwiko cha mtoto, usiufunike, bali uusafishe. Tena utando ni shahidi, kwa kuwa ndani yake mna alama hafifu za vitu ambavyo kiini kimevificha, na alama hizo hupotea ukianza kupaka bila kuangalia.

Maandalizi

Hifadhi faili kwanza kama `.xcf`, aina ya faili ya GIMP inayotunza tabaka zote, na usiiguse kabisa picha ya asili. Kila kipande cha kazi kikae kwenye tabaka lake tupu: moja la maji, moja la uzio na moja la sakafu. Kwenye zana ya `Clone`, ambayo hunakili sehemu ya picha kutoka kwenye chanzo unachochagua na kuipaka mahali pengine, weka tiki kwenye `Sample merged`, ili zana ichukue kinachoonekana kwenye tabaka zote wakati wewe unapaka kwenye lile tupu, kisha kwenye `Alignment` chagua `Aligned`, ili chanzo kifuate mkono wako badala ya kurudi mwanzo kila unapoinua kalamu au kipanya.

Utaratibu wa kujenga ni kuanzia kilicho mbali kuja kilicho karibu. Maji yako nyuma ya uzio, kwa hiyo yanatangulia. Ukianza na bomba, utalazimika baadaye kupaka maji kuzunguka bomba kwa uangalifu wa kushona kofia, jambo ambalo halina haja.

Maji

Kwa maji nilitumia brashi yenye upana wa pikseli 120, `Hardness` 60 na `Opacity` 100. Wengi hupunguza `Opacity` wakidhani wanapata ulaini. Wanachopata ni wastani wa mawimbi mawili yaliyolala moja juu ya jingine, na wastani huo hauna ukali wa wimbi lolote, hivyo kona inabaki kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

Chanzo cha maji lazima kiwe kwenye mstari uleule wa ulalo na mahali unapopaka. Viwimbi hupungua ukubwa kadiri maji yanavyokwenda mbali, na ukichukua maji ya juu ukayashusha chini, viwimbi vitakuwa vidogo kuliko majirani zao, na mtazamaji atahisi kasoro hata kama hataweza kuitaja. Nilishika `Ctrl` na kubofya kwenye maji yaliyoonekana kati ya Bibi na mtoto, chini ya bomba la juu, kisha nikahamia kulia bila kupanda wala kushuka. Nilibadilisha chanzo mara tano au sita, kila mara kutoka kwenye safu hiyohiyo. Palikuwa na chirizi moja ya povu jeupe ambayo ilijirudia mara mbili bila mimi kukusudia, na kitu cheupe kinachojirudia ndicho jicho hukikamata kwanza. Niliifunika ya pili kwa maji ya kawaida.

Nilipaka mpaka nje ya ukingo wa kulia wa picha, kwa kuanza kiharusi nje ya turubai na kuingia ndani. Ukianzia ndani na kusimama karibu na ukingo, ulaini wa brashi utaacha uzi mwembamba wa rangi ya kidole kwenye safu chache za mwisho za pikseli, na uzi huo huonekana pale tu picha inapobandikwa kwenye karatasi nyeupe.

Nguzo iliyofichwa na mabomba mawili

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi. Uzio ulikuwa na bomba la juu na la kati, yaliyoungwa na nguzo za wima. Kabla ya kurefusha mabomba nilijiuliza kama nyuma ya kidole palikuwa na nguzo nyingine, kwa sababu uzio unaokwenda bila nguzo mpaka ukingoni ni uongo unaoonekana.

Nguzo tatu zilizoonekana zilikuwa kwenye pikseli ya 1,150, ya 1,790 na ya 2,560. Nafasi kati yao ilikuwa inaongezeka, 640 kisha 770, kwa kuwa uzio ulikuwa unatujia. Ya nne haiwezi kupatikana kwa kuongeza 770 tena. Kuna njia ya zamani ya mafundi wa kuchora ambayo haihitaji hesabu: chora mstari ulionyooka kutoka kichwa cha nguzo ya pili, upite katikati kabisa ya kimo cha nguzo ya tatu, na uendelee mpaka ukutane na mstari wa sakafu ambako nguzo zote zimesimama. Hapo ndipo nguzo ya nne inaposimama, mradi nguzo zimepangwa kwa umbali sawa katika uhalisi. Kwenye GIMP mistari hiyo huchorwa kwa zana ya `Paths`, kwa kubofya mwanzo na mwisho, na haiachi alama kwenye picha.

Mstari wangu uligusa sakafu karibu na pikseli ya 3,500. Nilirudi kwenye picha ya asili, nikakuza sehemu ile ya utando, na kweli palikuwa na mfereji wa wima uliofifia, mweusi kidogo kuliko maji ya kandokando, mahali palepale. Nguzo ilikuwepo. Kwa njia hiyohiyo nilitafuta ya tano, ikaangukia nje ya picha, kwa hiyo nilihitaji moja tu.

Unene wa mabomba nao una kanuni yake. Kingo mbili za bomba lililonyooka hubaki mistari iliyonyooka kwenye picha, kwa hiyo unene unaongezeka kwa kiwango kilekile kila hatua. Bomba la juu lilikuwa na unene wa pikseli 40 kwenye nafasi ya 1,800 na pikseli 46 kwenye nafasi ya 2,900. Katika pikseli 1,100 limeongezeka 6, basi pikseli 1,100 nyingine, yaani kwenye ukingo wa 4,000, linapaswa kuwa na 52. Nilichora kingo hizo mbili kwa `Paths` mpaka nje ya picha.

Kipande cha kunakili nilikitoa kati ya nguzo ya tatu na mkono wa mtoto, kuanzia 2,600 mpaka 3,200, nikakibandika kama tabaka jipya, nikakisogeza kianzie 3,400, kisha kwa zana ya `Perspective` nikavuta pembe zake nne mpaka kingo zikalala juu ya mistari niliyochora. Bomba la kati lilifanyiwa vivyo hivyo. Nguzo niliichukua ile ya 2,560. Kwa kuwa bomba mahali pa nguzo ya nne lina unene wa pikseli 49 badala ya 44, nguzo nayo niliikuza kwa asilimia 11. Mng'ao wa jua uliokuwa juu ya bomba ulikuja pamoja na kipande, na ulipokutana na ule wa asili haukuwa na mkatiko.

Kuna jambo dogo hapa ambalo halina budi kutajwa. Kitu kilichokuzwa au kuvutwa hupoteza zile chembe ndogo za rangi ambazo kamera huziweka kila mahali, kwa sababu programu hukadiria pikseli mpya kutoka kwa jirani zake. Ukitazama kwa ukubwa wa asilimia 200, bomba jipya litaonekana limepakwa mafuta wakati la asili lina chengachenga. Kwenye tabaka lile nilitumia `Filters > Noise > RGB Noise` kwa kiwango kidogo sana, nikiongeza taratibu mpaka vipande viwili vilipolingana. Maji hayakuhitaji hivyo, kwa kuwa yalihamishwa bila kubadilishwa ukubwa na yalikuja na chembe zake.

Sakafu, na kivuli nilichokisahau

Sakafu ya pantoni ilikuwa ya chuma kilichopakwa rangi na kuchakaa, na kuijenga kulikuwa rahisi kuliko vyote: chanzo kutoka safu ileile, brashi kubwa, vyanzo vitatu. Nilimaliza, nikamwita Shangazi atazame. Akaitazama kwa muda, akasema, "Kimeondoka, lakini hapo bomba kama linaelea."

Alikuwa sahihi. Jua lilikuwa linatoka nyuma ya uzio kidogo, na kila bomba lilikuwa limetupa kivuli chembamba kwenye sakafu upande wetu. Mimi nilikuwa nimechukua sakafu isiyo na kivuli. Kivuli cha asili kilifika mpaka kwenye utando kikakatika ghafla, huku mabomba yakiendelea. Nilirefusha kivuli kwa njia ileile ya mistari miwili, nikakijaza kwa `Clone` kutoka kwenye kivuli chenyewe na si kwa rangi nyeusi, kwa sababu kivuli cha mchana juu ya chuma si cheusi, kina rangi ya chuma ndani yake pamoja na ubuluu wa anga. Nguzo ya nne nayo ilidai kivuli chake. Tangu siku hiyo, kabla ya kusema kona imekamilika, huwa nafuata kila kitu nilichokijenga na kuuliza kivuli chake kiko wapi.

Kusafisha kiwiko bila kukifunika

Shati la mtoto liliingia kwenye utando kwa pikseli 50 tu, lakini weupe hauwezi kuficha kitu. Kwa zana ya `Color Picker`, nikiwa nimewasha `Sample average`, shati mahali pasafi lilisoma 228 kwa nyekundu, 226 kwa kijani na 222 kwa bluu. Kwenye ncha ya kiwiko lilisoma 222, 208 na 199. Nyekundu imeshuka kwa 6 tu, kijani kwa 18 na bluu kwa 23. Ndiyo maana shati lilionekana limemwagikiwa chai ya maziwa.

Dawa yake ni kurudisha kila rangi kwa kiasi ilichopotea. Nilinakili tabaka la asili, nikaliweka juu yake mara moja, chini ya tabaka zote nilizojenga. Katika `Colors > Levels` nilichagua rangi moja moja na kushusha kikomo cha mwanga cha upande wa kuingia kutoka 255: nyekundu mpaka 248, kijani mpaka 235 na bluu mpaka 229. Namba hizo zinatokana na kuzidisha 255 kwa thamani chafu na kugawanya kwa thamani safi. Kwa kijani, kwa mfano, 255 mara 208 gawanya kwa 226 ni karibu 235.

Marekebisho hayo ni sahihi kwenye ncha ya kiwiko tu. Karibu na pikseli ya 3,420 hakuna uchafu wa kurekebisha, na ukiyaacha yafike huko shati litageuka rangi ya samawati. Kwa hiyo nililiwekea tabaka hilo barakoa nyeusi, inayolificha tabaka kila palipo na weusi na kulionyesha palipo na weupe, kwa `Layer > Mask > Add Layer Mask`, nikachagua eneo la shati peke yake, kisha nikapitisha zana ya `Gradient` kutoka nyeupe kwenye ncha ya kiwiko mpaka nyeusi kwenye mstari wa mwongozo. Mikunjo ya kitambaa, mshono na hata kivuli cha bega vilibaki kama vilivyopigwa, kwa kuwa hakuna kilichopakwa.

Njia hii ina kikomo. Pale ambapo kidole kimechukua zaidi ya nusu ya mwanga, kilichobaki cha picha ni kidogo mno, na ukikinyanyua unanyanyua pia chembe na vile vijiraba vya pikseli 8 kwa 8 ambavyo faili za JPEG hubeba. Vijiraba vikianza kuonekana, acha kusafisha, funika. Na ikiwa kilichofunikwa ni uso au kiganja cha mtu, mimi hurudi kwa mteja na kumwambia tukate picha kwa umbo jingine, kwa sababu vidole vya mtoto wa mtu siwezi kuvibuni.

Zana ya `Heal` iwe ya mwisho

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini sianzi na `Heal`, ilhali inasifiwa kwa kuunganisha. `Heal` huchukua mchoro wa uso kutoka kwenye chanzo, lakini rangi na mwanga huupatanisha na jirani za mahali unapopaka. Jirani akiwa ni kidole, itapatanisha na kidole, na utapata maji mekundu yenye mawimbi mazuri. Ukingoni hali ni mbaya zaidi, kwa sababu upande mmoja hakuna jirani kabisa na zana inategemea ule mwingine peke yake. Kwa hiyo niliiacha mpaka rangi yote ya ngozi ilipoondoka, kisha nikaitumia kwa brashi ndogo ya pikseli 40 kwenye maungio tu, mahali maji mapya yalipokutana na ya zamani, na sikuisogeza karibu na bomba wala ukingo wa picha.

Kisha nilikagua. Kwanza kwa ukubwa wa asilimia 100, nikiwasha na kuzima jicho la tabaka moja moja. Pili kwa kugeuza mwonekano kwa `View > Flip & Rotate > Flip Horizontally`, ambao haubadilishi faili. Baada ya saa moja macho huwa yamezoea makosa yake, na picha ikigeuzwa kushoto kulia, doa lililojirudia au mstari uliopinda huonekana kama mgeni. Tatu, nilitengeneza nakala mpya ya kazi iliyokwisha na kuitia tena zile rangi kali za `Saturation`. Palibaki doa jekundu dogo chini ya nguzo ya nne, ambalo kwa macho ya kawaida nisingeliona.

Ukanda mweusi wa kamera

Ukanda wa mkononi wa kamera ndogo mara nyingi hujitokeza kwenye kona ya juu, mbele ya anga, na kwenye picha za filamu za zamani umejaa tele, kwa kuwa mpigaji alikuwa akitazama kupitia kidirisha kilicho kando ya lenzi na hakuona kilichokuwa kimening'inia mbele yake. Picha ya karatasi iskani kwa dpi 600, nayo ya sentimita 10 kwa 15 itakupa takribani pikseli 2,360 kwa 3,540, zinazotosha kazi hii.

Ukanda mweusi una nafuu moja kuliko kidole: hauongezi rangi, unapunguza mwanga tu. Utando wake unasafishwa kwa `Levels` moja ya rangi zote kwa pamoja, pamoja na barakoa kama ile ya kiwiko. Lakini kiini chake kiko kwenye anga, na anga si rangi moja. Linakuwa jeupe zaidi kuelekea upeo, na lenzi nyingi za zamani hutia giza kwenye kona nne. Ukichukua anga la katikati ukalibandika konani, kiraka kitang'aa. Kwa sababu giza hilo la lenzi linalingana pande zote mbili, chukua kona ya upande wa pili kwa urefu uleule, igeuze kwa `Layer > Transform > Flip Horizontally`, na uilaze juu ya ukanda. Jua likiwa upande mmoja mwanga hautalingana, na hapo utashusha au kupandisha tabaka lote kwa `Levels` kidogo kabla ya kulainisha maungio kwa `Heal`, ambayo kwenye anga hufanya kazi bila ubishi. Ikiwa karatasi ina fremu nyeupe, simamisha kazi kwenye mstari wa fremu na usiulainishe, kwani katika picha halisi mstari huo ni mkali.

Picha ya Shangazi niliitoa kwa `File > Export As` kwa ubora wa 93, nikabaki na `.xcf` yenye tabaka zake. Zile pikseli 333 za uwiano wa karatasi nilizikata juu, kwenye anga, ili chini pabaki na miguu ya Bibi na kivuli cha nguzo ya nne.